Kabla ya Kugusa Kete

Binti yangu alipoanza sekondari, nilibandika mpango wake wa sataranji kwenye ukuta wa baraza yetu hapa Dilala. Jumatatu mafumbo. Jumatano aketi mbele ya mchezo uliofika katikati, mikono ameikalia, ataje hatua tatu za kufikiria kabla ya kupima hata moja: zinazomtishia mfalme, zinazokula, zinazoandaa shambulio. Ijumaa programu ya sataranji kwenye simu ikague hatua zake, kama umeme upo. Jumamosi tucheze.

Jumatano moja alitaja tatu, zote za kistaarabu.

"Na malkia kula ile ngome?" nikauliza.

"Tata, ile inalindwa. Nitapoteza malkia."

Nikapandwa na hasira. "Mi nilikuuliza kama utapoteza? Taja kwanza! Kupima ni baadaye."

Akataja, akapima. Ngome ya pili ikimla malkia, ngome yake yeye inaingia mstari wa mwisho, na mfalme wa adui amebanwa nyuma ya askari wake mwenyewe, hana pa kukimbilia: mchezo umekwisha. Akacheka mpaka wenye pikipiki barabarani wakageuka.

Jumamosi niliona askari wake wa bure pembeni, malkia wangu akamla haraka haraka. Binti akakalia mikono, midomo ikicheza. Kisha malkia wake akala ngome yangu. Nikamla malkia huyo, maana sikuwa na hatua nyingine. Ngome yake ikaingia mstari wa mwisho.

Nikatazama askari wangu watatu, wamesimama mbele ya mfalme wao, hawajasogea tangu mwanzo.

"Tata," akaniuliza kwa upole, "ulitaja tatu mbele ya kukula yule askari?"