Mito Mirefu, Mikono Mifupi

Mpwa wangu ni mpambaji wa kumbi za harusi. Ramadhani hii aliitwa kupamba ua wa jirani yetu mjane, anayefuturisha wazee kila jioni. Mjane, mtu asiyecheka ovyo, alimwambia wazi: leo ikinipendeza, kazi ya mwezi mzima ni yako.

Basi akapamba. Alitandika mikeka, akapanga juu yake mito ya velveti minene kama magodoro, yote safu moja ikitazama mapazia aliyokuja nayo na kuyatundika ukutani, maana huko ndiko picha hutoka vizuri. Mbele ya mito akasimamisha fanusi. Zamani tulifuturu tukitazamana. Sasa, alhamdulillahi, tumeendelea, tunatazama mapazia. Ushauri wa mzee kama mimi siku hizi hauna soko.

"Mwanangu, sinia nitaziweka wapi?" mjane akauliza. "Juu ya taa?"

"Bibi, taa ndiyo mvuto."

"Mvuto haufunguliwi saumu."

Ilibaki robo saa kabla ya adhana. Mzee mmoja akaukalia mto, akawa juu kama sultani, na mkono wake haukuifikia sahani ya tende chini. Mpwa wangu alimwona, akakunja mikono ya baibui. Akaitenganisha mikeka, akasogeza mito nyuma ya migongo ya wazee, fanusi akazitundika kwenye kamba ya nguo.

Adhana iliwakuta watu sita sita wakizunguka sinia. Mjane akampa mpwa wangu tende.

"Kesho uje mapema," akasema, "ila mapazia yaache kwenu."