Karatasi Yake ya Herufi Kubwa

Nilipaswa kumkatalia siku ile ile alipokuja dukani kwangu Darsait, akaegemea mashine ya fotokopi na kuniomba nimtengenezee karatasi yake peke yake ya nyimbo, yenye herufi kubwa, na nisimwambie mtu.

Alikuwa dereva wa familia moja ya Madinat Sultan Qaboos, na rafiki yangu tangu tulipofika Maskati. Katika kwaya yetu ya Kiswahili, inayoimba kanisani Ruwi kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, yeye aliimba besi, mimi teno. Karatasi za nyimbo zilikuwa kazi yangu.

"Macho yana ukungu kidogo," alisema. "Sukari tu hii. Itapita."

"Nenda hospitali."

"Nikienda, daktari ataandika, bosi atasoma, na mimi nitafunga sanduku. Andika bwana, mtani. Kwenu si ndiyo kazi mnayoiweza, jembe liliwashinda."

Nikacheka, nikaandika.

Karatasi ya kwaya ina kanuni moja: mtu asigeuze ukurasa huku ana neno mdomoni. Mwalimu wetu alitunga wimbo mpya karibu kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyejua beti kwa moyo. Karatasi ya wenzetu ilikuwa na kurasa mbili zinazotazamana: ubeti wa kwanza na wa pili kushoto, wa tatu na wa nne kulia. Kiitikio nilikiandika kizima mara moja, kwingineko nikaweka K nyeusi. Hapakuwa na haja ya kugeuza kitu.

Kwa herufi zake, kila ubeti ulijaza ukurasa mzima. Wa tatu na wa nne ilibidi ziende nyuma. Kiitikio nikakiondoa kabisa, nikabakiza K, kwa sababu hicho alikishika upesi. Nikapanga ageuze wakati wa kiitikio cha pili, macho yakiwa hayana kazi. Ilifanya kazi vizuri mno. Hakuna aliyegundua, na yeye akaacha kabisa kuzungumzia hospitali.

Mimi ndiye niliyeanza kuogopa. Kila Ijumaa alinipitia kwa gari la bosi, nami nilikaa mbele mikono imeshika kiti. Kwenye raundabauti alipunguza mwendo, akauliza kama anayetania, "Mtani, kuna anayekuja?" Nilimwambia hakuna, au ngoja. Nikiwa kitandani niliwaza ile safari yake ya asubuhi, anapowapeleka watoto wa bosi shule bila mtu wa kumjibu. Herufi nazo nilikuwa nikiziongeza. Na bado sikumwambia mtu.

Ijumaa moja mahubiri yalirefuka. Waumini wa lugha nyingine, ambao zamu yao inafuata yetu, walishajaa mlangoni. Mwalimu akatugeukia, akanong'ona: "Muda umetubana. Baada ya ubeti wa pili hakuna kiitikio. Besi, ingia wa tatu moja kwa moja."

Ubeti wa tatu ulianzwa na besi peke yake, yaani yeye, kwani hatukuwa na besi mwingine. Nilikuwa nyuma yake. Ningeweza kusema, mwalimu, tusikiruke kiitikio. Ningeweza hata kunyoosha mkono nimgeuzie. Niliogopa watu wangeuliza kwa nini karatasi yake si kama zetu.

Ubeti wa pili ukaisha. Akageuza kwa pupa, pini zilizoshika kurasa zikaachia, karatasi zikaanguka miguuni mwake. Kinanda kikarudia sehemu ile ile, kikarudia tena. Dada mmoja wa sauti ya pili, muuguzi, akampa karatasi yake. Aliisogeza hadi ikagusa pua, akaishusha, akasimama tu. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa.

Nje, yule dada hakupiga kelele. Alimnyooshea simu. "Kaka, nisomee hapa."

"Niache, dada."

"Basi nipe ufunguo wa gari."

Akampa. Kisha dada akanitazama mimi, kwa sababu alikuwa ameziokota zile karatasi na anajua nani huzichapa.

Yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Nilikuwepo daktari alipoeleza kwamba sukari imeharibu mishipa ya nyuma ya macho na damu imevuja humo. Alisema kama angekuja dalili zilipoanza, sehemu kubwa ya uoni ingeokolewa kwa matibabu ya mwanga wa leza. Sasa wangejaribu kulinda kilichobaki. Rafiki yangu aliuliza, "Ilianza lini, mtani? Wewe unajua kuliko mimi."

Kibali chake cha kazi kilifutwa, akarudi kwao. Jicho la kushoto halioni kitu, la kulia linaona mwanga na vivuli. Nikipiga simu mkewe hupokea, huniambia amelala. Kwa kukubali ombi lile nilimpotezea macho yake, na mimi nikampoteza yeye.