Salamu za Kiden

Mtu akikuambia mimba ni kuvimba tumbo tu, mwambie akamwone Kiden asubuhi anapojaribu kushuka kitandani. Tumbo lenyewe halikuwa na taabu. Taabu ilikuwa chini ya mgongo, pale kiuno kinapokutana na makalio, na mbele kwenye mfupa wa kinena. Akitaka kugeuka tu, palimchoma kama vile nyonga zinaachana. Basi alikuwa analala upande mmoja mpaka bega likafa ganzi, akiogopa kujigeuza.

Kiden ni mtoto wa mji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Mkakwa kwa kabila, fundi cherehani. Aliolewa Arua na Drani, Mlugbara anayeendesha lori la mizigo kwenda Juba, na lori hilo humla mume wake wiki nzima, wakati mwingine mwezi. Kilugbara alikuwa anakisikia nusu nusu. Ndugu wa mume waliongea naye Kiswahili, na walipochoka na Kiswahili wakarudi kwenye lugha yao, yeye akabaki anatabasamu kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Sasa mwezi wa nane wa mimba uliingia, na hata hao hawakuja tena. Sababu ilikuwa salamu.

Kwao Drani mwanamke humsalimia mama mkwe akiwa amepiga magoti. Kiden alilijua hilo tangu siku ya mahari, na alilifanya bila kinyongo. Lakini Jumapili ile mama mkwe wake, Mama Ocokoru, alipotokea ghafla kutoka kijijini Vurra na ndizi zake mkononi, Kiden alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenye cherehani. Alianza kushusha goti moja. Kiuno kikamkata hadi akaona giza. Akashika meza ya cherehani, akamsalimia mama mkwe wima, kama anavyomsalimia mteja!

Mama Ocokoru hakukaa. Hata maji hakunywa. Ndizi aliziacha mlangoni, akaondoka.

Angesema, jamani? Angesema nini? "Mama, naumwa huku kwenye kinena"? Sehemu hiyo haitajwi mbele ya mama aliyekuzalia mume. Baada ya hapo Sandra, wifi yake aliyekuwa akija kutoka huko Vurra kumtekea maji, akawa hana nafasi. Drani akapiga simu kutoka njiani: "Umemfanya nini mama? Anasema unajiona mkubwa." Kiden akajibu kwamba si kitu, kisha akakaa na simu mkononi hata baada ya kukatika.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja. Hospitali, mwanamke wa kujifungua huja na mtu wake: wa kufua, wa kuleta uji, wa kupokea mtoto kwenye shuka. Mama yake mzazi alishafariki. Drani atakuwa barabarani. Mtu wake alikuwa Mama Ocokoru, na sasa hakuwa naye.

Maji akawa anabeba mwenyewe, dumu zima kwa mkono mmoja, mwili umepinda upande. Maumivu yakazidi. Mwishowe akaingia duka moja la dawa karibu na soko, akaomba dawa ya mgongo, na kijana wa hapo akamfungia vidonge vya diklofenaki bila hata kutazama tumbo. Bahati yake ni kwamba kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, akaona afadhali aulize kwanza.

Mkunga alikuwa Zuhurah, mwanamke wa Kinubi mwenye sauti ya kuita mbuzi, ila mikono yake laini. Alipoviona vile vidonge akavisukuma mbali.

"Hivi hapana, dada. Mimba ikifika hapa, dawa hii na ndugu zake, kama ibuprofeni, zinaweza kuumiza figo na moyo wa mtoto na kupunguza maji anamolala. Ikizidi sana utameza panadoli, kwa kipimo nitakachokuambia."

Akampima presha na mkojo, akauliza kama kuna damu, maji yanayovuja, homa, kukojoa kwa uchungu, miguu kufa ganzi, au maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio. Akauliza kama mtoto anacheza. Anacheza. "Sawa. Moja tu ya hayo likitokea, au mtoto akipunguza kucheza, usikae nyumbani, uje hapa mara moja. Lakini hii yako ni nyonga. Viungo vinalegea kumpisha mtoto. Inauma kweli, ila haimdhuru."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Kiden kwamba inauma kweli.

Zuhurah akamfundisha pale pale kwenye kitanda cha kliniki. Kulala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Kugeuka magoti yakiwa yamebanana, mwili wote pamoja. Kuvaa sketi ukiwa umekaa, wala si kusimama kwa mguu mmoja. Maji kidogo kidogo, mikono yote miwili. Kuacha cherehani mara kwa mara na kutembea kidogo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni, kisiwe cha moto. Akamfunga kitenge chini ya tumbo kuzunguka nyonga, kikashika bila kubana, na Kiden akasimama akajikuta anacheka peke yake.

"Na kupiga magoti?" aliuliza.

"Yote mawili pamoja, ukishika kiti. Goti moja moja ndilo linalokupasua." Kisha mkunga akauliza kama kawaida: "Utakuja na nani siku ya kujifungua?"

Hapo Kiden akalia. Alilia kwa haya, na Zuhurah akamwacha alie.

Siku hiyo hiyo akapanda gari kwenda Vurra, kiti cha mbele. Alimkuta Mama Ocokoru uani anapepeta ufuta. Hapakuwa na kiti wala mti wa kushika. Kiden alisimama, akaangalia ardhi, akaogopa. Kisha akashuka, magoti yote mawili, taratibu, akasalimia kwa Kilugbara chake cha kuvunjika.

Mama Ocokoru akaitikia kwa ubaridi. "Haya. Simama."

Kiden akajaribu. Akajaribu tena.

"Siwezi, Mama."

"Wewe iko na nini?"

"Kiuno, Mama. Na mbele... kwenye mfupa. Siku ile nilitaka kupiga magoti. Ilinishinda. Niliona haya kusema." Jasho lilimtiririka. "Mkunga anauliza nitakuja na nani. Mimi sina mtu."

Ungo ukawekwa chini. Mama Ocokoru hakumvuta mkono kumwinua. Alijishusha naye, mifupa yake ya uzee ikilia, akakaa kwenye vumbi mbele ya mke wa mwanawe, akamshika kiunoni kwa viganja viwili, mahali penyewe hasa, bila kuonyeshwa.

"Hapa?"

"Hapo, Mama."

Bibi akaacha viganja vyake hapo hapo. "Mimba ya Drani, mimi nilikuwa natambaa mpaka jikoni," alisema. "Mama yake baba yao, mkwe wangu, aliniita mvivu. Nikanyamaza, mpaka amekufa nimenyamaza."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiyo wa kwanza."

Halafu Mama Ocokoru akamwita Sandra alete kiti, Kiden akishike ainuke, na alete pia begi lake la safari.

"Mimi nakwenda na wewe leo, nakaa huko mpaka mtoto atoke," alisema. "Na mimi, kutoka sasa, unisalimie ukiwa umesimama."