Puti Ndani ya Ufa

Mwenyekiti wa kikundi cha wavunja kokoto wa Mwakirunge alifika chumbani kwangu Bombolulu akiwa amevaa nguo ya kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa Kiswahili. Wanachama walikuwa wamekataa kutia sahihi barua ya lugha wasiyoielewa. Kazi yangu ilikuwa kuifasiri kwa Kichina, lugha niliyokwenda kuisomea hukohuko China, ili isomwe na kampuni iliyowauzia mashine ya kusaga mawe.

Aliniambia pole pole yaliyotokea. Mashine ilishushwa bandarini, ikasafirishwa hadi machimboni, ikawashwa. Haikumaliza wiki. Gurudumu zito la pembeni, lile linaloipa mashine nguvu ya kuzunguka, lilipasuka likiwa katika mwendo. Kipande kimoja kilimpiga mumewe gotini. Hospitalini walimkata mguu.

Barua ilisema mashine "imeharibika." Nilisita hapo. Kichina kina neno la kitu kilichoharibika, labda njiani au mikononi mwa mtumiaji, na neno jingine la kitu kilichotoka kiwandani na kasoro. Ukitumia la kwanza, muuzaji atakutuma kwa wenye meli na bima. Nikamuuliza walichoona wao hasa.

Akanionyesha picha kwenye simu. Pale gurudumu lilipovunjika, nusu ya ufa ilikuwa inang'aa, chuma kipya. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi, na ndani yake mlikuwa na puti ya kuzibia nyufa, kavu, iliyopakwa rangi juu. Mkaguzi wa kujitegemea waliyemwita alikuwa ameandika hivyo hivyo: ufa wa upande huo mweusi ulikuwapo kabla ya mashine kupakwa rangi.

"Basi tuandike kasoro," nilisema. "Na hiyo puti tuitaje waziwazi."

Alirudi kwa wenzake wakaibadilisha ile sentensi, wakatia sahihi upya. Si kazi ya mfasiri kuwasemea watu wasichokisema. Nilifasiri nambari ya mkataba, nambari iliyogongwa kwenye kibati cha mashine, ripoti ya mkaguzi, maelezo kwamba mumewe alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, na madai yao: gurudumu jipya, na fidia ya mguu. Kuhusu mguu nilimuuliza mara mbili kama wanataka ubaki katika barua ileile. Akasema mume wake si kiambatisho. Wakagonga mhuri wa kikundi kila ukurasa, tukatuma Kichina pamoja na Kiswahili chake.

Jibu lilipokuja niliitwa Mwakirunge kuwasomea wanachama. Walikuwa wamekaa juu ya mawe, wengine na nyundo mapajani, kwa kuwa walikuwa wamerudia kuvunja kwa mkono. Moshi wa jaa la taka la jirani ulikuwa unatujia. Mume wa mwenyekiti aliletewa kiti cha plastiki, akaegemeza magongo yake begani.

Kampuni ilianza kwa pole nyingi. Ilikubali kasoro ya gurudumu na kuahidi kuleta jingine bila malipo. Nikasikia watu wakishusha pumzi. Nikaiona aya ya mwisho kabla sijaifikia, nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma mpaka mwisho, mwanangu," mume wa mwenyekiti aliniambia. "Mguu ni wangu."

Nikasoma. Kampuni ilisema majeruhi, kwa maelezo ya barua yetu wenyewe, alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, jambo lililokatazwa katika kitabu cha maelekezo, kwa hiyo fidia haikubaliki. Asiyeridhika apeleke shauri kwa wasuluhishi wa hukohuko China, kama mkataba ulivyotaja.

Kitabu kilitolewa kwenye mfuko wa nailoni. Nilifungua, nikaipata sentensi. Ilikuwapo kweli, kwa herufi nene: wakati wa kazi mtu asisimame kwenye mstari wa gurudumu, mbele wala nyuma yake.

"Kimeandikwa kwa lugha gani?" mume wa mwenyekiti aliuliza.

"Kichina, baba. Kichina peke yake."

Mwenyekiti alikuwa anatazama chini, akisugua kidole gumba chake juu ya jiwe kana kwamba anapangusa wino wa mkataba. Baadaye alisema tunaweza kujibu kwamba hawakupewa maonyo kwa lugha wanayoijua. Nilimwambia hoja hiyo ina nguvu, na nitaiandika wakitaka. Lakini mzee mmoja akauliza nani atakwenda China kuisimamia, na gurudumu litakuja lini kama tukianza kugombana. Watoto wa watu walikuwa wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa karo.

Walipiga kura kwa mikono. Waliotaka kupokea gurudumu na kuacha shauri walikuwa wengi. Mume wa mwenyekiti alitazama nyuso zao moja moja, halafu naye akainua mkono. Mkewe hakuinua.

Niliondoka na kile kitabu, wamenipa nikifasiri chote. Mwenyekiti alinisindikiza hadi barabarani, na nilipomwambia kwaheri alisahau kuniitikia.