Pembetatu ya Njano Asubuhi ya Majibu ya Bunge

Nilikuwa fundi kompyuta wa ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, bado nikiwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Asubuhi hiyo mkurugenzi akaniita. Majibu ya swali la bungeni yalitakiwa yatumwe kabla ya saa tatu, na alama ya waifai kwenye laptopu yake ilikuwa na pembetatu ya njano: imeunganishwa, intaneti hakuna.

"Mwanangu, usiniaibishe," alisema.

Nikazima adapta ya waifai, nikaiwasha. Wapi! Nikaandika amri za kurudisha upya mipangilio ya mtandao, nikawasha upya mashine huku jasho likinitoka. Pembetatu ikabaki pale pale, ikinikodolea macho.

Saa tatu kasorobo nikakimbilia ruta kwenye korido. Taa ya waifai iliwaka, ya intaneti ilikuwa nyekundu. Kiboksi cha faiba kando yake, kinacholeta intaneti kwenye ruta, kilikuwa kimezimika kabisa. Nikaufuata waya wake wa umeme. Plagi ilikuwa sakafuni. Kwenye soketi yake palichomekwa chaja ya simu yangu, niliyoichomeka mwenyewe nilipofika kazini.

Nyuma yangu mkurugenzi akauliza, "Hiyo chaja ni ya nani?"