Tiki Mbele ya Jina la Mjomba

Maneno ya kusema kwenye simu Sumaia aliyaandika mwenyewe, na alijivunia kweli kweli. Ofisi ya magari ya kukodi ya mwajiri wake, Dona Benilde, pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ni chumba kimoja chenye meza mbili, lakini ukipiga simu utadhani umepiga ikulu. Kwanza unaulizwa jina, siku, saa ya ndege, watu wangapi na mizigo mingapi. Kisha unatajiwa bei yote kwa mpigo mmoja: gari, mafuta, dereva, na saa nzima ya kusubiri ndege ikichelewa. Unatuma nusu kwa simu ili gari lisipewe mwingine, na siku moja kabla ya safari unaletewa jina la dereva, picha yake na namba ya gari. Hapo Sumaia hulainisha sauti.

"Na madereva wetu wote tumewakagua, mama. Leseni, hati ya polisi, barua ya mwenyekiti wa mtaa."

Ukaguzi wenyewe ulikuwa karatasi yenye majina na visanduku vitatu mbele ya kila jina. Vijana aliwabana mpaka wakamchukia. Clésio alirudishwa mara mbili kwa sababu tarehe kwenye nakala ya leseni yake haikusomeka vizuri.

Kisha ikafika zamu ya Bachir. Huyu ni kaka wa marehemu mama yake Sumaia, aliyemlea na kumsomesha. Utaanzaje kumwambia mtu kama huyo, Mjomba, hebu nione leseni yako? Kwa watu wao, hayo ni sawa na kumwambia sikuamini, tena ukiwa umekaa kwenye mkeka wake. Mzee alitoa mwenyewe hati ya polisi na barua ya mwenyekiti. Sumaia alizipokea kwa mikono miwili, akanywa chai, akaaga. Alipofika ofisini alitia tiki tatu. Alijiambia ni adabu. Ilikuwa woga tu, na alijua.

Mwezi wa pili akapiga simu mama mmoja, Domingas, mwenyeji wa Palma. Alikuwa hospitalini katika mji wa Pemba, amepasuliwa tumbo, angeteremka na ndege uwanja wa Mocímboa. Bei alielewa mara moja. Jambo moja tu alilirudia.

"Huyo dereva mnamjua, mwanangu? Nina mshono, siwezi misukosuko."

"Tumemkagua, mama," alisema Sumaia, na jioni akamtumia picha ya Bachir.

Siku ya safari, saa saba mchana, simu ikalia. Alikuwa Domingas, yuko njiani, kijiji cha Mute. Polisi wa barabarani walisimamisha gari, wakakuta leseni ya mzee imekwisha tangu mwaka juzi. Gari halikuruhusiwa kuendelea bila dereva mwingine. Sumaia akamtuma Clésio mbio, lakini mgonjwa alikuwa amekaa saa mbili juani, ameshika tumbo. Alipofika Palma hakumgombeza Sumaia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mwanangu, uliniambia mmemkagua." Afadhali angemtukana.

Dona Benilde akaivuta ile karatasi. "Tiki hii hapa. Mzee alikuletea leseni ya kughushi?"

Njia ilikuwa wazi. Kusema ndiyo tu, na lawama yote ingemwangukia mjomba. Sumaia alihisi haya zikimpanda mpaka masikioni.

"Hakuniletea kitu, Dona. Sikumwomba. Tiki niliitia mimi."

Benilde aliirudisha karatasi mezani. Kisha akamwambia arudishe hela yote ya mgonjwa, nusu itoke kwenye mshahara wake, na kabla gari lolote halijatoka tena aione kila leseni kwa macho yake. "Anza na nyumbani," akasema.

Alasiri hiyo alikwenda. Bachir alikuwa barazani. Kabla shikamoo haijamtoka vizuri, mzee alitia mkono mfukoni akaiweka leseni juu ya mkeka.

"Siku ile ulipokuja ilikuwa mfukoni humu humu," alisema. "Nilijua imekwisha. Kuihuisha lazima daktari akupime macho, nami hili la kushoto lina ukungu. Nikasema, Sumaia ataiomba, nitamwambia, yataishia hapo. Hukuomba. Nikaona haya kuanza mimi. Nikajidanganya kwamba wewe umesoma, ukiona sawa, basi ni sawa."

Sumaia hakuweza kumtazama. Alimwona Domingas amekaa na mshono wake, kilomita baada ya kilomita, kando ya mtu asiyeona upande mmoja, na ametulia, kwa sababu kulikuwa na sauti laini kwenye simu iliyomwambia atulie.

"Nisamehe, Mjomba."

"Mimi ulinipa heshima," alisema mzee. "Yule mama ulimpa nini?"