Masikio ya Ukutani

Ukuta wa nyuma ya bweni letu pale Iringa hauoni jua. Chini ulikuwa kijani kwa ukoga, na kutoka juu, maji ya mvua yanakochuruzika, ilishuka michirizi myeusi kama pua za watoto wa darasa la kwanza. Askofu alikuwa anakuja mwezi wa kumi, basi mwalimu wa zamu akatupa kazi mimi na rafiki yangu. Yeye wa Mbeya, mimi wa Mbeya. Tulilala blanketi moja.

“Mwagieni dawa, mngoje, ndipo msugue kwa brashi ya katani,” mwalimu alisema. “Suuzeni kuanzia juu. Ya waya nisiione! Inakwaruza simenti, ukoga unapata pa kushika.”

Dawa ilikuwa unga mweupe wa zahanati, umekorogwa kwenye ndoo ya maji. Ilinuka mpaka machozi. Tulipokuwa tunangoja ifanye kazi, mimi nikaiona brashi ya waya ya fundi. Nikachora uso wa mwalimu kwenye ule ukoga, na kipara chake chote. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini.

“Masikio umempunja, ndugu yangu. Lete!”

Akanipokonya brashi akachimba masikio mawili, kila moja kama ungo. Tukasugua, tukasuuza. Uso ukafutika, ukuta ukatakata, Askofu akausifu. Kilichobaki ni madoa meupe ya dawa kwenye kaptula zetu.

Mvua zikanyesha. Karibu na Pasaka, siku mbili kabla ya lori la kutupeleka nyumbani, ukoga ulirudi. Lakini haukurudi kila mahali: ulirudi kwenye mikwaruzo tu. Mwalimu alikuwa ukutani, kijani kibichi, masikio yametangulia.

Mwalimu wa kweli akaipanga shule nzima mstari mbele ya mchoro.

“Aliyechora haendi likizo. Nani?”

Niliangalia vidole vya miguu yangu. Nilijua mwenzangu naye atanyamaza. Tulishakula kiapo cha kutotajana, kwa chumvi ya jikoni.

Mkono ukanyooka kando yangu.

“Ni huyu, mwalimu. Mimi nilimkataza.”

Nilimtazama. Akatazama kaptula yake yenye madoa kama yangu.

Lori liliondoka naye, na blanketi letu, maana lilikuwa la kwao. Nadhani alipofika Nyololo, njiani, alikuwa amekwisha kunisahau, anakula mahindi. Mama yangu alingoja stendi bure.

Mimi nilisugua likizo yote, dawa, katani, maji. Uso ulikubali kutoka. Masikio yakakataa: kila nikisuuza, ukoga ulikuwa ndani kabisa ya mikwaruzo. Mwalimu akaja na sufuria la simenti laini, akaanza kupaka mikwaruzo mwenyewe kwa mwiko, kisha akasimama.

“Uso umechora kwa mkono mwepesi,” alisema. “Masikio umechimba. Huu nao ni mkono wako?”

Nikauficha mkono mgongoni. Akaniachia mwiko nimalizie.